Bendera ya Shangazi na Mpira wa Baiskeli

Shangazi yangu alikuja jim akiwa amevaa gauni la kanisani, ameshika kanga mbili chini ya kwapa na kandambili mkononi, kwa sababu mtu fulani sokoni alimwambia kwamba jim haiingiwi na viatu. Sakafu yetu ilikuwa ya saruji iliyobanduka. Zamani pale palikuwa ghala la korosho, na hata leo ukilala chali kwa muda unaanza kunusa magunia.

Nilikuwa na wiki chache tu kazini. Nilisoma elimu ya michezo chuoni, nikarudi Masasi na cheti, nikakaa nyumbani mpaka watu wakaanza kunisalimia kwa huruma. Kocha, mwenye jim, alinichukua kwa majaribio. Alikuwa mtu wa mwili mkubwa na imani moja: sitapu. Kila jioni aliwalaza watu chali, akawashika miguu kwa zamu, nao wakainuka na kulala, wakainuka na kulala, huku yeye akihesabu kwa sauti inayofika stendi. Madereva bodaboda walimpenda. Waliamini maumivu ya tumbo kesho yake ndiyo risiti.

Mimi sikuwa naamini hivyo, lakini nilikuwa mtu wa majaribio, na kila usiku kabla ya kulala nilikuwa nikipanga jinsi ya kumwambia, halafu nikipanga atakavyojibu, halafu nikipanga nitakavyofukuzwa. Mpaka nafika kwenye kufukuzwa nilikuwa tayari nimemsamehe.

"Shikamoo, shangazi," nilisema.

"Marahaba. Wapi wanapouza hilo tumbo gumu?"

Kocha alicheka. "Karibu, mama. Tumbo hapa haliuzwi, linatafutwa. Lala chali nikuonyeshe."

"Nilale mbele ya hawa wote?" Aliwatazama madereva bodaboda. "Huyu mkubwa nilimbeba mgongoni. Huyu nilimpeleka kliniki."

Madereva waligeukia ukutani kwa heshima, na shangazi akalala juu ya kanga moja, akajifunika nyingine. Aliinuka mara chache, uso umekunjamana, shingo imetangulia. Kisha akabaki chini, akatazama mabati.

"Sasa hii," alisema, "inazuia upepo?"

Kocha hakuelewa. Mimi nilielewa, kwa sababu habari ya shangazi na upepo ilikuwa inajulikana kuanzia Masasi hadi Lupaso.

Shangazi ndiye mbeba bendera wa kina mama wa mtaa wetu kanisani. Bendera yenyewe ni nzito: kitambaa cha mahameli chenye matamvua ambayo mama yake, yaani bibi yangu, aliyashona kwa mkono, kimening'inizwa kwenye mti mrefu. Mti unaingia kwenye kikombe cha ngozi kilichoshonwa kwenye mkanda wa kiunoni. Kina mama wanafundishwa tangu siku ya kwanza kwamba bendera haipitwi na bendera haiachwi. Ikisimama, mnasimama. Ikienda, mnaenda, macho chini, mkiimba. Hakuna anayetazama njia, maana njia ni kazi ya bendera.

Mwaka uliopita sikukuu ilifanyika Mnyambe, kule juu uwandani, ambako upepo unapanda kutoka bondeni bila kubisha hodi. Upepo uliishika bendera kwa ubavu, na shangazi akazunguka nayo kama mlango. Hakuanguka. Aligeuka tu, akajikuta anatazama upande mwingine, na kwa kuwa bendera haisimami katikati ya wimbo, akaendelea kutembea. Kina mama wakamfuata, macho chini. Waliingia uani kwa mtu aliyekuwa akiuza uraka, ile pombe ya mabibo, wakiimba ubeti wa tatu. Wanywaji walisimama wote na kuvua kofia. Mmoja wao aliunga msafara, na mpaka leo ni mwimbaji wa sauti ya nne.

Watu walicheka, padri akiwemo. Shangazi hakucheka. Katika mkutano wa kina mama, katibu wao, ambaye ni mdogo kwa shangazi kwa umri na mpana kwa mabega, alipendekeza bendera ibadilishwe mikono. Wazee wakaomba shangazi apewe sikukuu moja zaidi. Sikukuu hiyo ilikuwa Newala, na Newala upepo wake hauna tofauti na wa Mnyambe, ila una nafasi kubwa zaidi ya kukimbilia.

"Mama yangu aliibeba mpaka meno yalipoisha," shangazi aliniambia siku ile, akifunga kanga. "Mimi meno ninayo yote. Nitamwambia nini?"

Bibi alikuwa amekwishafariki. Hilo ndilo lililofanya swali liwe gumu.

Nilimwomba kocha ruhusa ya kumfundisha mwenyewe. Niliomba kwa maneno mengi sana. Nilimwambia kwamba sitapu si dhambi, kwamba zinafundisha kiwiliwili kukunjika kwenda mbele, na kama mtu shida yake ni kukunjika basi zinafaa, ila wapo ambao mgongo wao haupendi kukunjwa mara nyingi hivyo, si wote, wapo tu, na kwamba shangazi hakushindwa kukunjika, alishindwa kukataa kugeuzwa. Nikamwambia kwamba kazi kubwa ya misuli ya kati, ukiwa umebeba kitu, si kuusogeza mwili bali kuuzuia usisogezwe, ili nguvu ya miguu ifike mikononi bila kuvujia kiunoni. Nilikuwa bado naendelea aliponikatiza.

"Kwa hiyo zoezi lako ni kutosogea."

"Ndiyo, Kocha."

"Watu watalipa kuja kutosogea?"

"Sijui, Kocha."

"Basi mchukue shangazi yako. Akifaulu, nitasema nilikufundisha mimi."

Jambo la kwanza nilitaka kuona jinsi anavyogeuzwa. Nilimpa ufagio mrefu, nikafunga shuka juu yake, nikamwambia auweke kiunoni kama bendera. Nilivuta shuka kwa upande. Mabega yake yaligeuka kwanza, kiuno kikafuata, miguu ikafuata kiuno. Halafu nikasimama mbele, nikausukuma ufagio kumwelekea, kama upepo wa mbele. Tumbo lake lilitoka nje, mbavu zikapanda, mgongo wa chini ukapinda kwenda nyuma kama upinde. Hapo ndipo nilipojua tuna maadui wawili: mmoja wa kumgeuza na mmoja wa kumpindua.

Kwa yule wa kumpindua tulianza na zoezi ninaloliita la mende. Unalala chali, mikono juu, magoti yamekunjwa hewani, kama mende aliyepinduka. Kisha unapeleka mkono mmoja nyuma na mguu wa upande wa pili mbele, taratibu, mpaka karibu na sakafu, ukitoa pumzi, na mgongo wa chini hauruhusiwi kuachana na sakafu. Mguu unapokwenda mbali, uzito wake unauvuta mgongo uinuke. Wewe unakataa. Hakuna zaidi ya hapo.

Ili ajue kama amekataa kweli, nilitandika kanga chini ya kiuno chake na kushika pindo. Ikitoka nikiivuta, ina maana mgongo umeinuka.

Ilitoka mara ya kwanza. Ilitoka mara ya pili. Mara ya tatu alinitazama kwa jicho ambalo nililiona mara ya mwisho nilipokuwa na miaka saba na nimevunja chungu.

"Kanga hii nilipewa na marehemu mume wangu," alisema.

Mara ya nne haikutoka.

Madereva bodaboda walikuwa wakitazama. Mmoja akauliza, "Kocha, yule mama anafanya zoezi au anapumzika?" Kocha, ambaye tumbo lake lina vipande unavyoweza kuvihesabu ukiwa ng'ambo ya barabara, alisema hilo ni zoezi la wagonjwa, akalala chini kuonyesha. Shangazi akatandika kanga. Kocha akanyoosha mguu kwa kasi, na shangazi akaichukua kanga yake bila hata kuvuta, kama mtu anayeanua nguo.

"Pole, baba," alimwambia. "Hata mimi ilianza hivyo."

Kwa yule wa kumgeuza, sikuwa na vifaa vya chuoni. Nilikwenda kwa fundi baiskeli, akanipa mipira ya ndani iliyochoka, nikaikata, nikaiunga, nikafunga ncha moja kwenye nguzo ya ghala kwa kimo cha kifua. Shangazi alisimama ubavu kwa nguzo, akashika ncha nyingine kwa mikono miwili kifuani, kisha akaisukuma mbele moja kwa moja mpaka viwiko vikanyooka. Ukitazama kwa mbali ni zoezi la kijinga: mtu anasukuma hewa. Lakini mpira unavuta kwa upande, na kadiri mikono inavyokwenda mbali na kifua ndivyo unavyopata nguvu ya kukugeuza. Kazi yako ni kufanya kana kwamba hakuna kitu. Nyonga mbele, mabega mbele, pua mbele. Unakaa pumzi moja au mbili, unarudisha mikono, unarudia, halafu unageuka ili nguzo iwe upande wa pili, kwa sababu upepo hauchagui.

Dereva mmoja alisema anaweza kwa mkono mmoja. Alisimama mbali sana na nguzo, akanyoosha, na mpira ukamzungusha mpaka akapigana busu na nguzo. Baada ya hapo palikuwa na foleni ya kusukuma hewa.

Tuliongeza planki, viwiko chini na mwili umenyooka, fupi na nzuri badala ya ndefu na mbovu, tukiacha mara tu kiuno kinapoanza kulegea. Tuliongeza kutembea na ndoo ya maji mkono mmoja, bila kuinamia ndoo wala kuikimbia. Hili shangazi aliona ni matusi. "Nimebeba maji maisha yangu yote, nije kuyabeba hapa ndani, na hakuna anayekwenda kuyapikia?" Lakini alizoea kubeba kichwani, na kichwani uzito unashuka katikati. Ndoo ya mkono mmoja inakuvuta ubavu, na ndiyo maana tuliitaka.

Mambo yalikwenda vizuri, na jambo likienda vizuri mimi hukosa usingizi. Nilianza kufikiria kila kitu kinachoweza kuharibika. Je, kama upepo utatoka nyuma? Je, kama kiatu kitakatika? Nikaanza kumwongezea maelekezo. Shusha mbavu. Kaza makalio kidogo. Legeza magoti. Kidevu ndani. Usikunje vidole vya miguu. Fikiria mtu anataka kukupiga ngumi ya tumbo. Siku moja jioni alibeba ufagio na shuka kutoka mlangoni hadi kwenye nguzo akitembea kama kabati linalohamishwa, uso umeiva, kisha akauegemeza ukutani na kukaa.

"Umenifundisha mpaka nimesahau kutembea," alisema. "Tena wewe ulisema kaza tumbo. Nimekaza. Sasa nitaimba na nini?"

Sikuwa nimewaza kuimba. Nilikuwa nimewaza kiatu kukatika, lakini si kuimba. Yeye ndiye anayeanzisha nyimbo, na kwa maelekezo yangu alikuwa akibana pumzi toka mwanzo hadi mwisho. Hilo ni kosa hata bila wimbo: tumbo linatakiwa likaze huku pumzi inaingia na kutoka, na nguvu ya kukaza iwe ya kutosha tu, si ya mtu anayeinua gari.

Siku mbili hakuja. Kocha aliniambia, bila ubaya, "Umemfukuza mteja kwa kumjali." Nilikwenda nyumbani kwake nikamwambia nimefuta maelekezo yote isipokuwa mawili: mbavu zikae juu ya nyonga, na aimbe.

"Mawili tu?"

"Mawili tu, shangazi."

"Apa kwamba hutaongeza."

Niliapa, na lilikuwa jambo gumu kuliko planki.

Kuanzia hapo alifanya zoezi la mpira akiimba. Alisukuma mikono mbele kwenye mwanzo wa mstari, akaishikilia mpaka mstari uishe, akairudisha. Sauti ikitetemeka tulijua amebana pumzi, akasogea hatua moja karibu na nguzo. Isipotetemeka alisogea mbali. Wiki ya pili madereva bodaboda walikuwa wanamwitikia kwa sauti za chini huku wamelala kama mende, Wakristo kwa Waislamu, na Kocha alisimama katikati hajui ahesabu au atoe sadaka. Mwishowe tulichukua mti wenyewe wa bendera hadi uwanja ulio chini ya milima ya mawe, tukafunga shuka, akatembea nao huku Kocha akiusukuma kwa kiganja kutoka upande wowote aliotaka, bila kumwonya. Nilitembea nyuma yao nikiwa nimeziba mdomo kwa mkono.

Siku ya sikukuu tulipanda Newala asubuhi. Kocha alikuja pia, amevaa suti inayombana mikono. Upepo ulikuwepo tayari. Ulikuwa ukipeperusha vitambaa vya meza, na mkutano wa kina mama wenye vitambaa vya kichwa ulionekana kama kundi la ndege linalotaka kuruka.

Katibu alikuja kumsalimia shangazi. "Shikamoo, mama. Ukichoka, mimi nipo nyuma yako."

"Marahaba. Kaa hapo hapo nyuma."

Msafara ulianza. Mimi nilitembea pembeni ya barabara nikijifanya mpiga picha. Kwenye nafasi kati ya nyumba mbili upepo ulitoka ubavuni, ule ule wa Mnyambe, nikauona ukikishika kitambaa chote na matamvua yakasimama. Mti ulitetemeka. Nyuma yake kina mama wawili watatu waliinua macho, kinyume cha mafundisho. Shangazi alilegeza magoti, akapanua hatua kidogo, na mabega yake yakabaki pale pale juu ya nyonga zake. Hata wimbo haukukatika. Upepo ukajaribu tena, ukaacha, kama mtu aliyebisha hodi kwenye nyumba isiyo na watu.

Nilitaka kulia, lakini nilikuwa bado sijamaliza kuhofu. Mbele kulikuwa na kona ya kushoto kuelekea lango la kanisa, na kabla ya kona upepo uligeuka ukaja wa mbele. Ulisukuma bendera kumwelekea. Mgongo wake haukupinda hata kidogo, nakumbuka niliutazama mgongo ule kama mtu anavyotazama matokeo ya mtihani. Lakini kitambaa kilikuwa huru kwa chini, na sasa kikamfunika uso na kichwa chote, matamvua ya bibi yakamzunguka kidevu, naye akaendelea kutembea, akiimba ndani ya mahameli, moja kwa moja, akaipita kona.

Kina mama walimfuata. Macho chini.

Mbele hakukuwa na uraka. Kulikuwa na mteremko, na baada ya mteremko, nchi inashuka kwenda bondeni.

"Geuka, mama," katibu alisema kwa sauti ya chini. Shangazi hakusikia, alikuwa anaimba. Katibu akamshika mabega kwa nyuma kumgeuza. Hakugeuka. Katibu akavuta bega moja na kusukuma lingine, kwa nguvu za mtu anayelima ekari zake mwenyewe. Shangazi alihisi kitu kinataka kumzungusha, na wiki zote zile alikuwa amefundishwa jambo moja la kufanya akihisi hivyo. Akashusha mbavu. Mama mwingine akaongeza mikono. Nikasikia Kocha nyuma yangu akisema polepole, kama mtu anayeomba, "Mungu wangu, hawamwezi."

Nilikimbia. Niliapa kutoongeza maelekezo, na njia nzima ya kukimbia nilijadiliana na nafsi yangu kama hili ni elekezo. Katibu alinitangulia. Alimwachia mabega, akazunguka mbele, akamfunua kitambaa usoni.

Walitazamana.

"Kona imepita," katibu alisema.

"Ulikuwa unanivuta wewe?"

"Mimi na mwenzangu."

"Nikadhani upepo."

Akageuka kwa miguu, hatua ndogo ndogo, mwili mzima kwa pamoja, mti umesimama wima, na msafara wote ukageuka nyuma yake ukaingia langoni. Katibu safari hii alitembea ubavuni kwake, mkono kwenye pindo la kitambaa.

Mkutano wa kina mama ulifanyika mchana ule ule, kwenye mikeka nyuma ya kanisa, sahani za pilau zikiwa bado mapajani. Mama mmoja alianza kusema kwamba kupita kona nako si jambo dogo. Katibu aliweka sahani chini.

"Mimi nimeushika mwili ule kwa mikono hii," alisema. "Tulikuwa wawili. Haugeuki. Mwenye macho ya kumwonyesha kona anapatikana kwa urahisi, na nitakuwa mimi. Mwenye mgongo ule simjui mwingine. Bendera ibaki."

Ikabaki. Shangazi alimega nyama yake akamwekea katibu kwenye sahani.

Jumatatu jioni Kocha alikuwa anawaeleza wateja wapya zoezi la mende, alivyolibuni mwenyewe, na mimi nilikuwa kwenye kona nafunga mpira mpya kwenye nguzo, nikiwaza kama nguzo ya zamani hivi inaweza kuangusha ghala. Mlango ukafunguliwa. Shangazi aliingia, nyuma yake katibu, kandambili mkononi. Madereva bodaboda wakageukia ukutani bila kuambiwa.

"Lala hapa," shangazi alimwambia, akatandika kanga, akashika pindo. "Na uimbe. Huyu mtoto atataka kukuambia mambo mengi. Msikilize mawili tu."